Tangazo la Juu ya Sinki

Pita mitaa ya Dar es Salaam utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi maneno matatu: "Nyumba hii haiuzwi." Hapa Goma maneno ya namna hiyo huandikwa kwa Kifaransa kwenye kuta za mawe meusi ya volkano, kwamba kiwanja hiki si cha kuuza. Aliyeandika hamtaji mpwa aliyekuwa akizunguka na hati za kughushi, wala dalali, wala wakili. Halaani mtu. Matusi yote yamemezwa, limebaki jambo lenyewe, na mpita njia anajua la kufanya. Nimeyapenda maandishi haya kwa muda mrefu, lakini sikuwahi kuona yanavyotengenezwa, kutoka hasira mpaka ukutani, hadi jiko la ofisi yetu lilipotushinda mwaka 2023.

Ofisi ilikuwa Mabanga, upande wa kusini, katika komini ya Karisimbi. Ilikuwa nyumba ya familia iliyopangishwa, kama zilivyo ofisi nyingi za mji huu: sebule ikawa mapokezi, vyumba vya kulala vikawa biro, nyuma kukaongezwa aneksi ya mbao, na jiko likabaki jiko. Humo mlikuwa na sinki moja, bomba lililotoa hewa mara nyingi kuliko maji, resho ya umeme, mikrowevu, frigo, na bidoni za njano za lita 20 zilizopangwa chini ya dirisha. Kila mtu alileta sahani na kontena lake kutoka nyumbani. Vya ofisi vilikuwa vikombe tu. Watu kama ishirini walikula humo kila mchana, na kila jioni walikula tena, safari hii wenyewe kwa wenyewe, kwenye kundi la Watsapu.

Siku lilipolipuka, aliyefungua mlango alikuwa mtu wa mapokezi: "Bandugu, ile jikoni inanuka mpaka mu biro ya kontable." Haikupita dakika akafuata mwingine: "Nani alichomaka sambaza mu mikroonde? Aseme yeye mwenyewe." Mlinzi wa mchana, ambaye kwa kawaida huandika neno moja tu, "Sawa", siku hiyo aliandika mstari mzima: "Miye siko boyi wa mutu. Leo nimeosha masahani tisa ya batu njo nifike ku sinki." Mtu akajibu kwamba hiyo ni kazi ya watu wa aneksi, "tunabajua". Aneksi nao hawakulala: "Sisi tunakulaka saa saba, tunakutaka bidoni tupu. Tuoshe na mate?" Vikaja vicheko vya manjano, vikaja vidole gumba, ikaja "Muko bakubwa, kwenu ku nyumba munaishi vile?" Kontable wetu akatuma sauti ya dakika tatu iliyoanza na heshima ya mahali pa kazi na kuishia kwenye kontena lake la kijani, lenye sombe, lililokuwa limepotea tangu Jumanne. Mwisho mkuu wa ofisi akaandika mstari mmoja: "Mama Sekretere, fanya kitu."

Wengi tulitazamia ile karatasi ya kazi yenye mhuri, ambayo huanza kwa "Inaletwa kwenu ninyi nyote" na kumalizia kwa vitisho, ibandikwe kwenye valvu, ule ubao wa matangazo mlangoni. Mama Sekretere hakujibu chochote kwenye kundi. Asubuhi alichukua daftari, akafungua simu, akaanza kunakili ujumbe mmoja mmoja kwa mkono.

Meza yangu ilikuwa karibu na yake, kwa hiyo niliona alichokuwa akifanya. Alikuwa amechora mistari miwili kwenye ukurasa, ikawa safu tatu. Kwenye safu ya kwanza aliandika kilichotokea: sahani tisa, harufu, sambaza ndani ya mikrowevu, bidoni tupu saa saba, kontena tangu Jumanne. Kwenye ya pili aliandika walioshutumiwa: aneksi, "batu bengine", "ninyi bakubwa". Kwenye ya tatu aliandika kile kila mtu alichokuwa anataka, hata kama hakukisema wazi. Mlinzi alitaka kufika kwenye sinki. Kontable alitaka chombo chake. Aneksi walitaka maji. Alipomaliza, aliipiga safu ya katikati mstari mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini. Nikamwuliza kwa nini hasomi yale ya katikati, maana ndiyo yaliyokuwa na moto. Akasema, "Mtu mwenye hasira hasemi uongo juu ya sahani. Uongo wake ni juu ya watu."

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii. Mimi niliyasoma maneno yale kama ugomvi. Yeye aliyasoma kama ushahidi, na shahidi mwenye hasira ni mzuri ajabu, kwa sababu amehesabu. Nani mwingine angejua kwamba ni sahani tisa, wala si nane? Ukiwaita watu kwenye mkutano na kuwauliza jiko lina shida gani, watakwambia kuna tatizo la usafi. Wakiwa wamekasirika watakupa saa, idadi na rangi ya kifuniko.

Na ushahidi uliokuwa na uzito kuliko wote ulikuja kama dhihaka: tuoshe na mate? Kila mtu alicheka akapita. Yeye aliuzungushia duara. Siku iliyofuata hakwenda kula. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko, akijifanya anapanga karatasi za risiti, akaangalia tangu saa tano asubuhi mpaka saa tisa. Aliyoyaona hayakuwa kwenye kundi la Watsapu. Asubuhi ziliingia bidoni tatu. Moja ilikwenda kwenye chai. Moja mama wa usafi aliipeleka chooni, kwa kuwa bomba la huko nalo lilikuwa kavu. Iliyobaki ndiyo ya vyombo. Watu wa nyumba kubwa waliokula saa sita walimimina maji kwa jagi juu ya sahani, jagi zima kwa sahani moja, na yote yakashuka kwenye sinki. Kabla ya saa saba bidoni ilikuwa imelala ubavu. Watu wa aneksi, ambao saa yao ya kula ilipangwa na ofisi yenyewe kuwa ya pili, waliingia, wakala, wakatikisa bidoni, wakaziacha sahani. Kufikia saa tisa sinki lilikuwa limejaa na mlinzi alikuwa bado hajala.

Kwa hiyo yale yaliyoitwa uchafu wa tabia, nusu yake ilikuwa hesabu ya maji. Anayeujua mji huu hatashangaa. Ziwa Kivu liko pale chini, linaonekana, lakini maji ya kunywa na kuoshea hupanda kuja mitaani kwa bidoni, juu ya chukudu, baiskeli na migongo ya watu. Bidoni tupu mchana maana yake ni kumtafuta mtu, kumlipa na kumngoja.

Kabla ya kuandika neno hata moja la tangazo, Mama Sekretere alikwenda kwa mkuu wa ofisi kuomba bidoni mbili zaidi ziletwe saa sita kila siku ya kazi. Mkuu alisema watu waanze kwanza kuonyesha nidhamu, maji yatafuata. Yeye akajibu kwa upole kwamba basi tangazo aliandike mkuu mwenyewe. Mazungumzo yalikuwa mafupi na bidoni zikapatikana. Alinieleza baadaye kwamba karatasi inayoagiza lisilowezekana huwafundisha watu kuzidharau karatasi zote, hata ile ya mshahara. Naona hili ndilo jambo ambalo waandishi wengi wa matangazo hawalifanyi kabisa: wanaichukua lugha kama ndiyo kazi nzima, wakati lugha ni ya mwisho kufika.

Lakini ilipofika, aliishughulikia kama fundi cherehani anayefumua mshono. Aliandika rasimu ya kwanza haraka, kwa namna ambayo sote tungeandika, kisha akaanza kuondoa. Nilimwomba karatasi hiyo nami ninayo mpaka leo. Mstari wa kwanza ulisema: "Tunawakumbusha tena baadhi yenu kwamba jiko si jalala, tafadhali tuwe wastaarabu!" Alikata "tena", kwa sababu neno hilo dogo linamwambia msomaji kwamba alishaambiwa akapuuza, na msomaji ambaye hakuambiwa anaanza kusoma akiwa amekasirika. Alikata "baadhi yenu". Maneno hayo yanaonekana ya upole, kumbe ndiyo makali kuliko yote: kila mtu anageuka kutafuta hao baadhi ni akina nani, na wote wanaangalia aneksi. Alikata "jalala", kwa kuwa hakuna aliyewahi kusema jiko ni jalala. Alikata "wastaarabu", kwa kuwa ustaarabu hauoshi kikombe. Alama ya mshangao ilikatwa mwisho, na mstari mzima ukawa umekwisha. Hakubaki na neno la kusahihisha, akaacha nafasi tupu na kuanza upya chini yake.

Shida ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na ni shida ya Kiswahili chetu hasa. Tuna njia nyepesi sana ya kuamuru bila kumtaja mtu: "Vyombo vioshwe." Inasikika safi, haina lawama, inafaa ukutani. Yeye aliiandika, akaiangalia, akanigeuzia karatasi. "Vioshwe na nani?" Nikasema, na aliyevitumia, inaeleweka. Akasema haieleweki hata kidogo. Katika nyumba yoyote yenye mfanyakazi, "vioshwe" maana yake ni mama wa usafi, na asipokuwepo ni mlinzi. Ndivyo mlinzi alivyoishia na sahani tisa bila mtu yeyote kumwagiza. Lakini upande wa pili, "Osha sahani yako" inamnyooshea kidole kila anayeingia, hata aliyekuja kuchukua kikombe cha maji. Aliandika aina tano au sita za sentensi hiyo kabla ya kutulia kwenye hii: "Kila anayetumia sahani anaiosha mara anapomaliza kula."

Tazama ilivyokaa. Haiombi wala haiamrishi, inasema tu jinsi mambo yalivyo hapa, kama ule ukuta unaosema nyumba haiuzwi. Aliyekosea hajatajwa, lakini hana pa kujificha, maana "kila anayetumia" ni yeye. Na mama wa usafi ametoka ndani ya sentensi bila kutetewa kwa maneno. Baadaye aliongeza mstari wa kueleza kazi ya mama huyo ni ipi, kwa sababu kilichomtesa mwanamke yule hakikuwa kazi nyingi, kilikuwa kazi isiyo na mpaka.

Sambaza walileta mjadala mkubwa kuliko walivyostahili wenyewe kwa udogo wao. Watu watatu walimjia mezani wakitaka iandikwe kwamba samaki ni marufuku jikoni. Alikataa mara moja. Samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha mtu wa mshahara mdogo katika mji huu. Ukipiga marufuku sambaza, umepiga marufuku chakula cha walinzi na cha aneksi, na tangazo lako litasomwa hivyo hata ukiweka maneno ya asali. Kisha akauliza swali la kifundi: kinachonuka ni nini hasa? Si sambaza. Ni sambaza waliopashwa ndani ya sanduku lisilo na dirisha, mafuta yakarukia dari yake, kila anayepasha maharage baada ya hapo akapasha na mafuta hayo. Basi kinachokatazwa ni chombo, si chakula, na mwenye chakula anaonyeshwa pa kwenda: "Samaki na sambaza wanapashwa moto kwenye resho, dirisha likiwa wazi." Waliokuja wakitaka marufuku waliridhika. Waliokuwa na sambaza waliridhika zaidi.

Kisha lilikuja suala la adhabu. Kwenye kundi mtu alikuwa amependekeza faini, na wengi walipenda, hasa ambao hawakutarajia kulipa. Mimi nilimsimulia kisa kinachojulikana cha vituo vya kulelea watoto vya Haifa, ambacho wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walikichapisha mwaka 2000. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, ikawekwa faini ndogo, na wazazi wakazidi kuchelewa: walichokuwa wakikionea haya, sasa walikuwa wamekilipia. Faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi chini. Mama Sekretere alisikiliza, akasema hahitaji kwenda mpaka Haifa, maana yeye ana swali dogo tu: nani atashika hela? Katika ofisi ya watu ishirini, anayeshika hela za faini anakuwa polisi, na mwisho wa mwezi anaulizwa hela ziko wapi.

Alichoweka badala yake kilikuwa katoni. Chombo kitakachokutwa hakijaoshwa jioni kinaingia kwenye katoni chini ya meza, na mwenyewe anakichukua akitaka. Nilidhani ni hatua laini mno. Lakini ukali wa tangazo, nilivyokuja kuona, hautoki kwenye ukubwa wa adhabu. Unatoka kwenye uhakika kwamba kilichoandikwa kitatendeka leo, na kesho, bila mtu kukasirika. Faini ingehitaji ujasiri kila jioni. Katoni ilihitaji mikono miwili.

Halafu siku na saa. Huu ni mtego wa hapa kwetu ambao mgeni asingeuona. Ukiandika "saa 11" kwenye ofisi ya Goma, nusu ya watu watasoma saa kumi na moja jioni, nusu nyingine, waliozoea saa za Kifaransa, watasoma kabla ya mchana. Na siku ya tano kwa Mkongo wa mashariki ni Ijumaa, lakini tulikuwa na dereva aliyekulia Mombasa ambaye akisikia tano anawaza Jumatano. Kwa hiyo kila saa iliandikwa kwa maneno na kwa tarakimu za Kifaransa pembeni, na siku ikaandikwa kwa namna zote mbili. Ni kazi ya kuchosha. Lakini mtu aliyeshikwa na utaratibu asioufuata hutafuta tundu la kutokea, na tundu la kwanza ni saa.

Walikuja wengine na nyongeza. Mmoja alitaka "Usafi ni sehemu ya imani" iwekwe juu kabisa kwa herufi kubwa. Mwingine alitaka kipindupindu kitajwe, na alikuwa na sababu. Mwaka huo kambi za wakimbizi wa ndani kuzunguka Goma zilikuwa zimejaa na ugonjwa ulikuwa humo. Yote mawili aliyakataa, na nadhani alikuwa sahihi. Msemo kama huo ukutani humfanya anayeosha kikombe ahisi anahubiriwa. Ugonjwa nao humgeuza aliyesahau sahani kuwa muuaji, na mtu aliyeitwa muuaji hatauliza besheni iko wapi, ataanza kujitetea. Chupa ya klori aliiweka kwenye rafu juu ya besheni ya kusuuzia, ikiwa na maelezo yake yenyewe, na hakuisemea ukutani.

Nimenakili tangazo lilivyotoka:

Jiko la ofisi: namna ya kulitumia
Kuanzia Jumatatu tarehe 12 Juni 2023

Jiko hili ni la wafanyakazi wote, walinzi na wageni wa ofisi.

Kila anayetumia sahani, kikombe au sufuria anaiosha mara anapomaliza kula. Mabaki ya chakula yanaingia kwenye pubeli kabla ya kuosha.

Vyombo vinaoshwa kwenye besheni mbili: ya kwanza ya sabuni, ya pili ya kusuuza. Maji ya vyombo yako kwenye bidoni zenye utepe mwekundu. Zinajazwa saa moja asubuhi (7h00) na saa sita mchana (12h00). Atakayezikuta tupu amjulishe sekretere.

Samaki na sambaza wanapashwa moto kwenye resho, dirisha likiwa wazi.

Chakula kinachowekwa kwenye frigo kinaandikwa jina na tarehe.

Chombo kitakachokutwa hakijaoshwa saa kumi na moja jioni (17h00) kitawekwa kwenye katoni chini ya meza. Mwenyewe atakichukua na kukiosha wakati wowote. Kila Ijumaa, siku ya tano, saa kumi jioni (16h00), kilichobaki ndani ya katoni kitatolewa ofisini.

Mama wa usafi anasafisha sakafu, meza na sinki, na anatoa takataka.

Utaratibu huu utaangaliwa upya tarehe 10 Julai 2023.

Sekretariati

Angalia mstari wa maji. Ni mahali pekee ambapo tangazo linajifunga lenyewe: ofisi imeahidi saa ya kujaza, na imesema wa kumwambia ikishindwa. Bila mstari huo karatasi nzima ingekuwa madai ya upande mmoja. Watu wa aneksi waliusoma mara mbili, niliwaona. Na angalia tarehe ya kuangalia upya, ambayo inampa mwenye malalamiko pa kuyapeleka, hivyo hana haja ya kuyamwaga kwenye kundi usiku.

Hakulibandika kwenye valvu mlangoni, ambako watu husoma wakiwa wamevaa mabegi na mikono yao haina kitu. Alilitia kwenye karatasi ya nailoni kwa ajili ya mvuke, akalibandika juu ya sinki kwenye usawa wa macho ya mtu aliyesimama na sahani mkononi. Kwenye kundi aliliweka kama maandishi, si picha, ili anayetumia simu ndogo alisome, na aliliweka Ijumaa asubuhi, watu wakiwa hawana njaa. Kontable alijibu papo hapo kwa sauti ya dakika moja na nusu akiuliza vipi kuhusu waliohusika na kontena lake. Mama Sekretere alimpigia simu faragha. Kundi halikupata jibu, na bila jibu moto haukupata kuni.

Katoni ilifanya kazi yake wiki ya kwanza kwa wingi, ya pili kidogo. Ijumaa ya kwanza saa kumi vilibaki vyombo vinne. Alivifunga kwenye mfuko, akavitoa kama alivyoandika, na hakuna aliyeulizwa wala kutajwa. Mmoja wa wenye vyombo hivyo alilalamika kwamba hakujua. Alionyeshwa ukuta. Bidoni za mchana ziliwahi kukosekana siku ambazo mletaji hakupanda kutoka ziwani, na siku hizo Mama Sekretere hakuweka kitu kwenye katoni hata kama sinki lilikuwa limejaa. Hakutangaza msamaha. Aliacha tu, na watu walielewa haraka kuliko kama angeeleza.

Kulikuwa na mstari mmoja uliokufa. Ule wa frigo, wa jina na tarehe. Alifunga kalamu kwa uzi kwenye mkono wa frigo, akaweka utepe wa karatasi juu yake, na bado vyombo viliingia bila jina. Umeme ulipokatika mchana mzima, harufu ilirudi, na hakuna aliyejua pilau lile ni la nani. Alijaribu kukumbusha kwa mdomo, mtu mmoja mmoja. Haikusaidia. Watu walijua chombo chao kwa rangi, na kuandika jina juu ya sahani ambayo mama watoto ameinunua waliona ni kama kuiharibu.

Tarehe 10 Julai aliishusha karatasi, akaiandika upya, na mstari huo haukuwemo. Badala yake mama wa usafi alipewa kazi ya kulisafisha frigo kila Ijumaa, na hilo likaandikwa kwenye mstari wake. Kontable aliona mara moja. Akaandika kwenye kundi kwamba sasa frigo limeachwa bila sheria, kila mtu ataweka anachotaka. Mama Sekretere, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, alijibu pale pale mbele ya wote: "Ilikuwepo mwezi mzima na hakuna aliyeifuata, kontable. Hata kontena la kijani halikuwa na jina."